Dola za Marshall hazikuingia mfukoni mwa Mjerumani: jinsi walioshindwa vita walivyoinuliwa

Nimesahihisha insha za mazoezi za kidato cha sita miaka kadhaa sasa, na likija swali la Ujerumani na Japani kuinuka baada ya Vita Kuu ya Pili jibu nalijua kabla sijafungua karatasi: Marekani iliogopa ukomunisti, ikatoa hela kupitia Mpango wa Marshall, Ujerumani na Japani zikajenga viwanda, basi. Sio uongo wote, ila lina matundu mawili makubwa. Kwanza Japani haikuwemo kwenye Mpango wa Marshall hata siku moja, ule ulikuwa wa Ulaya. Pili, ukimuuliza mwanafunzi hizo hela zilifikaje, yaani nani alipokea nini na akafanyia nini, ananyamaza, na marks zimelala hapo hapo. Kwahiyo hapa nitakaa zaidi na Ujerumani Magharibi, Japani nitaipitia mbele kidogo kwa sababu kuna mtu mmoja anayeunganisha hizo nchi mbili na karibu hakuna anayemtaja.

Tuanze na kitu kinachorukwa sana, kwamba miaka miwili mitatu ya mwanzo washindi hawakuwa wanajenga chochote. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945 ikakatwa vipande vinne, Mmarekani, Mwingereza, Mfaransa na Mrusi kila mtu na kanda yake. Maelekezo ambayo kamanda wa Kimarekani alipewa, yanaitwa JCS 1067, yalimkataza kabisa kuchukua hatua za kufufua uchumi wa Ujerumani, isipokuwa pale tu ambapo njaa au magonjwa na fujo vingewahatarisha wanajeshi wake. Machi 1946 ukatoka mpango wa kuweka kikomo cha viwanda, chuma cha pua kisizidi tani milioni 5.8 kwa mwaka, wakati kabla ya vita nchi ilikuwa inapita milioni 15 bila shida. Mitambo mingine ikawa inang'olewa na kusafirishwa kama fidia. Yaani lengo lilikuwa nchi isije ikaweza tena kupigana, mambo ya nani atakula nini yalikuja baadaye.

Sasa watu wengi wanafikiri shida ilikuwa viwanda kupigwa mabomu vyote. Hapana. Mabomu yalibomoa sana nyumba za watu mjini, reli na madaraja, ila mashine nyingi ndani ya viwanda zilipona, na wakati wa vita Wajerumani walikuwa wameongeza mashine nyingi mpya, ndio maana hata baada ya kutoa zilizoharibika na zilizong'olewa bado zilibaki za kutosha. Mafundi walikuwepo pia, na toka mashariki walimiminika mamilioni ya Wajerumani waliofukuzwa Poland, Chekoslovakia na kwingine, watu wanaotafuta kazi yoyote. Kumbuka hili maana ndio linalotenganisha kuinua nchi iliyokuwa ya viwanda na kuanzisha viwanda pasipo na kitu. Kinachofufuliwa pale kilikuwa kimelala, hakijafa.

Kilicholala kilikuwa kimefungwa na vitu viwili, na cha kwanza ni mzunguko wa makaa ya mawe na chakula. Mchimba makaa wa bonde la Ruhr hawezi kuchimba na njaa, mgawo rasmi kwenye kanda ya Kimarekani ulipangwa kalori 1,550 kwa siku na mara nyingi haukufika, kwa Waingereza kuna vipindi ulishuka mpaka karibu 1,000. Bila makaa treni haitembei, bila treni chakula na mbolea havifiki, na bila chakula tunarudi kwa yule mchimba makaa. Majira ya baridi ya 1946 kwenda 1947 yalikuwa makali mno, mito ikaganda na majahazi ya makaa yakanasa barafuni, hapo ndo mzunguko ukakaribia kusimama kabisa.

Kitu cha pili ni hela yenyewe. Hitler alilipia vita kwa kuchapa noti na wakati huo huo bei zilikuwa zimegandishwa kwa sheria tangu 1936, kwahiyo vita inaisha watu wana noti za Reichsmark kibao na dukani hakuna kitu. Wenye viwanda wanazalisha kidogo na kidogo hicho wanakificha, maana ukiuza kwa bei ya serikali unapewa makaratasi. Waliokuwa watu wazima hapa Tanzania miaka ya 80 mwanzoni, foleni ya sukari na sabuni na mzigo uko chini ya kaunta, hawahitaji kuelezewa hili mara mbili. Kule Ujerumani sigara za Kimarekani ndo zikawa pesa. Mfanyakazi akienda kazini wiki nzima mshahara wake haununui cha maana kwa walanguzi, bora siku mbili asiende, apande treni aende kijijini na mashuka ya mke wake abadilishane na viazi. Unaona sasa, nchi ina mashine na mafundi na bado haizalishi, kwa sababu anayefanya kazi hapati kitu na anayeuza hapati kitu.

Kilichombadilisha mawazo Mmarekani sio huruma. Walipa kodi wake walikuwa wananunua ngano ya kuwalisha maadui wa jana na haioneshi mwisho, Ufaransa na Uholanzi na wengine walikuwa wanahitaji makaa na mashine za Kijerumani ili wenyewe wainuke, na juu ya yote Mrusi alishaanza kuonekana kama adui mpya. Septemba 1946 waziri wa mambo ya nje James Byrnes akahutubia Stuttgart na lugha ikawa nyingine, tarehe 1 Januari 1947 kanda ya Kimarekani na ya Kiingereza zikaunganishwa kiuchumi, Juni 1947 George Marshall, aliyempokea Byrnes uwaziri, akatoa pale chuo cha Harvard ile hotuba iliyozaa mpango wenye jina lake, na mwezi uliofuata JCS 1067 ikatupwa, ikaja nyingine inayosema Ulaya yenye utaratibu inahitaji Ujerumani inayozalisha. Ukiandika insha ionekane kwamba ukaliaji ule ule uliokuja kufunga ndio uliogeuka kufungua, mwalimu anayesahihisha atakaa vizuri kwenye kiti.

Jumapili ya tarehe 20 Juni 1948 ndio siku ya kukumbuka. Noti mpya za Deutsche Mark zilichapwa Marekani, zikasafirishwa kwa siri ndani ya masanduku mpaka bandari ya Bremerhaven, na jeshi ndo likazisambaza. Hakuna serikali ya Kijerumani ya kuchaguliwa ambayo ingethubutu kufanya kilichofuata, subiri uone. Kila mtu, awe tajiri au masikini, alipanga foleni palepale anapochukuliaga kadi ya chakula akapewa marki 40 mkononi, na 20 nyingine baadae. Mishahara na kodi za nyumba ikawa moja kwa moja, marki moja ya zamani kwa moja mpya. Ila akiba ya benki ilichinjwa, mwisho wa hesabu zote aliyekuwa na Reichsmark 100 kwenye kitabu cha benki alibaki na marki mpya 6.50 hivi. Mwenye hisa, kiwanda au nyumba hakuguswa siku ile, mzee aliyeweka akiba miaka 30 ndio aliyelipa. Fidia ya kugawana mzigo ilikuja na sheria ya 1952, na hata hiyo ilikuwa ya polepole.

Wakati huo huo Ludwig Erhard, Mjerumani aliyekuwa anasimamia uchumi kwenye zile kanda mbili zilizounganishwa, akatangaza kuondoa udhibiti wa bei na migao kwenye bidhaa nyingi, ingawa chakula cha msingi na kodi za nyumba aliviacha chini ya bei ya serikali. Inasimuliwa kwamba jenerali Lucius Clay, mkuu wa kanda ya Kimarekani, alimwambia washauri wangu wanasema ni kosa kubwa, Erhard akajibu usiwasikilize, na wangu wanasema hivyo hivyo. Jumatatu asubuhi madirisha ya maduka yamejaa! Sufuria, viatu, baiskeli, vitu ambavyo wiki iliyopita "havikuwepo". Havikuzalishwa usiku ule bana, vilikuwa stoo vimefichwa vikisubiri hela ya kweli. Na huyu mtu wa viazi akarudi kazini siku zote za wiki, kwa sababu sasa mshahara unanunua.

Usiandike lakini kwamba kuanzia hapo ilikuwa neema. Bei zilipanda haraka mpaka tarehe 12 Novemba 1948 wafanyakazi zaidi ya milioni tisa wakagoma siku nzima, na wasio na kazi waliongezeka mpaka karibu milioni mbili mwanzoni mwa 1950. Halafu Mrusi kwa hasira ya hiyo hela mpya akafunga njia za kuingia Berlin Magharibi, iliyokuwa katikati ya kanda yake, siku chache tu baada ya ile Jumapili ya Juni, wakazi wakalishwa kwa ndege mpaka Mei 1949. Nchi ikakatika mbili moja kwa moja.

Haya, Mpango wa Marshall sasa, maana mpaka hapa mzigo wake ulikuwa haujaanza kuingia kwa wingi na maduka yameshajaa. Rais Truman wa Marekani alisaini sheria yake Aprili 1948. Tuchukue shehena moja tu ya pamba tuifuate, namba ni za mfano ila utaratibu ndio huo.

Kiwanda cha nguo Ujerumani kinataka pamba ya Marekani ya dola 100,000. Marki anazo mwenye kiwanda, dola hana, na nchi nzima haina dola kwa sababu haijaanza kuuza kitu nje. Hilo ndo lilikuwa tatizo la Ulaya yote, wala sio kukosa hela za ndani. Ombi linapita kwenye orodha ya mahitaji ya nchi, linakubaliwa na shirika la Kimarekani linalosimamia mpango, na mkulima wa Texas analipwa dola zake huko huko kwao na serikali yake. Dola hazijavuka bahari. Kilichovuka ni marobota ya pamba. Mwenye kiwanda hapewi bure, analipa marki, na kwa kiwango cha marki 4.20 kwa dola moja kilichowekwa Septemba 1949 atalipa 420,000. Hizo marki haziendi Marekani maana Mmarekani azifanyie nini, zinawekwa kwenye akaunti maalumu hapo hapo Ujerumani, sehemu ndogo ya asilimia tano ikiwa kwa matumizi ya Wamarekani wenyewe na iliyobaki inasubiri ruhusa itumike wapi.

Hapo ndipo utamu ulipo. Benki ya KfW, iliyoanzishwa Frankfurt mwishoni mwa 1948 kwa ajili ya ujenzi mpya, inachukua zile marki inakopesha sehemu ambazo benki za kawaida zinaogopa, migodi ya makaa, mitambo ya umeme, nyumba za wachimba makaa, vitu vya kulipa polepole kwa miaka mingi. Kwanini benki za kawaida zinaogopa? Kwa sababu akiba za watu si zimechinjwa Juni, mikopo mirefu hakuna, na bei ya makaa na umeme bado imebanwa na serikali kwahiyo faida hamna. Mkopo ukilipwa unakopeshwa tena kwa mwingine, na mfuko huo haukuisha Mpango wa Marshall ulipoisha, uliendelea kuzunguka na upo hadi leo. Pamba moja imefanya kazi mbili kwahiyo: imekuwa shati, na thamani yake imekuwa mtambo wa umeme. Ukiweza kuandika aya hii moja kwa maneno yako mwenyewe umeshawaacha wengi.

Na kiasi kilikuwaje? Mpango wote ulitoa takriban dola bilioni 13 kati ya 1948 na 1952. Ujerumani Magharibi ilipata kama bilioni 1.4, Uingereza ikapata zaidi ya bilioni 3 na Ufaransa zaidi ya bilioni 2.5. Sasa kama hela ingekuwa ndo sababu yenyewe, Uingereza ingepaa kuliko wote, na miaka ya 50 haikupaa hivyo, Mjerumani ndo alikimbia. Hii ni hoja ya kuitumia swali likija na maneno "kwa kiasi gani". Msaada ulifungua koo pale palipokaba, pamba, ngano, mafuta, mbolea, na mikopo ya makaa na umeme, ila mwili ulikuwa wa Wajerumani wenyewe. Kuna wanahistoria wanaousukuma mchango wake chini sana na wengine juu, binafsi naona ulikuwa mdogo kwa ukubwa na mkubwa kwa mahali ulipoingia, na ukumbuke kabla yake Mmarekani alishatumia fedha nyingine nyingi tu za kuwalisha, zinaitwa GARIOA, ambazo kwenye insha hazitajwi kabisa.

Japani sasa. Huko mkaliaji kiutendaji ni mmoja tu, Mmarekani chini ya jenerali Douglas MacArthur, kuanzia Septemba 1945 hadi Aprili 1952, na alitawala kupitia serikali ya Kijapani yenyewe, hakuivunja kama Ujerumani. Mwanzo ni ule ule wa kubana: jeshi livunjwe, makampuni makubwa ya kifamilia kina Mitsui na Mitsubishi yavunjwe, katiba mpya ianze Mei 1947. Mageuzi yaliyozama zaidi ni ya ardhi. Serikali ilinunua kwa lazima mashamba ya wenye ardhi wasiolima wenyewe ikawauzia wapangaji, na kwa vile bei zilipangwa mapema halafu mfumuko ukaja ukala thamani yake, mwenye ardhi alilipwa karibu na bure. Ardhi iliyolimwa na wapangaji ikashuka toka karibu nusu mpaka kama sehemu moja ya kumi.

Viwandani Wajapani walibuni njia yao, makaa yaende kwanza kutengeneza chuma, chuma kirudi migodini kuongeza makaa, na benki ya serikali ikopeshe sana. Uzalishaji ulipanda ila noti nazo zikamiminika, bei zikawa hazishikiki. Hapo ndo anaingia yule mtu niliyesema, Joseph Dodge, mwenye benki wa Detroit. Huyu 1946 alikuwa Ujerumani akiandika na wenzake wawili, Colm na Goldsmith, pendekezo la kubadili marki kumi za zamani kwa moja mpya ambalo ndio mzazi wa ile Jumapili ya Juni. Mwanzoni mwa 1949 katumwa Tokyo. Akalazimisha bajeti isiyo na upungufu, akaisimamisha ile benki isitoe mikopo mipya, akafuta ruzuku nyingi, na Aprili 1949 dola ikafungwa kwenye yeni 360, ikakaa hapo mpaka 1971. Aliufananisha uchumi wa Japani na mtu aliyesimama kwenye magongo mawili marefu, moja msaada wa Marekani lingine ruzuku za serikali, ukiyarefusha sana akianguka anavunjika shingo. Na mauzo ya bidhaa za msaada, ambao huko nao ni GARIOA, akayafungulia akaunti maalumu ya yeni, utaratibu ule ule wa pamba.

Mfumuko ulikufa ila na viwanda vikaanza kukauka. Toyota ilikuwa mmoja wa wagonjwa, magari hayauziki na wanunuzi hawalipi, benki zikataka watu wapunguzwe, wafanyakazi wakagoma miezi na Kiichiro Toyoda akajiuzulu uongozi mwezi Juni 1950. Tarehe 25 ya mwezi huo huo vita vya Korea vinaanza, na jeshi la Marekani linahitaji malori karibu na uwanja wa vita. Oda zikaja, zinalipwa kwa dola, na kampuni ikapona. Sio Toyota peke yake, nguo, mahema, chuma, matengenezo ya magari, vyote. Huwezi kuita ule msaada, ni biashara, ila ni biashara iliyokuwepo kwa sababu jeshi la mkaliaji lilikuwa limekaa pale pale.

Na Ujerumani ina kisa chake cha namna hiyo, cha mapema zaidi. Kiwanda cha Volkswagen kilikuwa kwenye kanda ya Kiingereza, kingeweza kung'olewa kama fidia, lakini Waingereza hawakuwa na magari ya kutosha ya kuendeshea utawala wao, na meja mmoja wa Kiingereza, Ivan Hirst, akalishawishi jeshi likiagize magari 20,000. Kiwanda kikabaki.

Kitu cha mwisho cha kuweka kwenye insha, na wengi wanaishia 1952 hawakifiki, ni deni. Misaada kwa Ujerumani kisheria haikuwa zawadi tupu, Wamarekani walikuwa na haki ya kudai. Februari 1953 kule London madeni ya Ujerumani, ya kabla ya vita na ya baada yake, yakakaliwa kikao na kupunguzwa kama nusu, madai ya Marekani kwa misaada ya baada ya vita yakashuka toka takriban dola bilioni 3.2 hadi 1.2. Malipo yakapangwa yaendane na uwezo wa nchi kuuza nje, maana ukimbana mdaiwa asiuze atalipa na nini, kwahiyo wadai wenyewe wakawa na sababu ya kununua bidhaa za Kijerumani. Na suala la fidia za vita likasukumwa mbele mpaka huko ambako makubaliano ya mwisho ya fidia yangefikiwa. Miongoni mwa wadai waliokubali kusamehe siku ile ilikuwemo Ugiriki, nchi ambayo jeshi la Hitler lilikuwa limeikalia.